Simu moja, biashara nzima: jinsi ya kutunza majina ya wateja, picha na daftari ili simu ikiibiwa kazi iendelee

Mwongozo huu ni wa mfanyabiashara mwenye simu moja tu ya Android, ambaye majina ya wateja, picha za mzigo na kumbukumbu za madeni vyote vimo humo. Nimeuandika nikiwafikiria hasa wauza mchele wa masoko ya Mwanjelwa na SIDO hapa Mbeya, kwa sababu kazi yao siku hizi inakwenda hivi: mteja wa Dar es Salaam anaomba picha ya mchele kwa WhatsApp, anatuma pesa kwa simu, gunia linapakiwa kwenye basi au lori, kisha picha ya risiti ya mzigo inatumwa kwake. Daftari lipo, lakini nusu ya habari haimo daftarini. Fundi cherehani wa Iringa anayetunza vipimo vya wateja kwa picha, au dalali wa viazi wa Uyole, atafuata hatua hizihizi.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba uhifadhi vitu mtandaoni, basi. Huo ni ushauri nusu. Simu nyingi tayari zinahifadhi baadhi ya vitu zenyewe, na bado mwenye simu akiibiwa anapoteza kila kitu. Sababu ni kwamba akijaribu kuingia kwenye akaunti yake kwa simu nyingine, anaambiwa aandike namba ya siri iliyotumwa kwa meseji, na meseji hiyo imekwenda kwenye laini iliyo mikononi mwa mwizi. Ni sawa na kufungia ufunguo wa stoo ndani ya stoo yenyewe. Kwa hiyo tutaanza na ufunguo, kisha ndipo tuje kwenye mali.

Hatua ya 1: Hakikisha akaunti ni yako

Fungua `Settings`, kisha `Google`. Juu utaona anwani ya Gmail. Jiulize maswali mawili: anwani hii ni yangu kweli? Na nenosiri lake ninalijua?

Watu wengi hapa wamefunguliwa akaunti na kijana aliyewauzia simu, dukani palepale, kwa haraka. Aliandika jina lolote, akaweka nenosiri analolijua yeye, na pengine akaweka namba yake mwenyewe kama namba ya kurejeshea akaunti. Simu inafanya kazi vizuri kwa miaka, na mwenyewe hajui kwamba kila anachohifadhi kinakwenda mahali asipoweza kufika akiwa na simu nyingine.

Rekebisha sasa, wakati simu bado iko mkononi, kwa sababu simu yenyewe ndiyo inayokuthibitisha. Hapohapo kwenye `Google`, ingia sehemu ya kusimamia akaunti, nenda `Security`, ubadilishe nenosiri. Kisha angalia `Recovery phone` na `Recovery email`. Ukikuta namba usiyoijua, iondoe. Kwenye namba ya kurejeshea weka ya mtu unayemwamini nyumbani, mwenzi wako au mtoto mkubwa, si laini iliyomo kwenye simu hiyohiyo peke yake.

Hatua ya 2: Andika namba za akiba kwenye karatasi

Hii ndiyo hatua ninayoiona kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa sana.

Bado uko `Security`. Washa `2-Step Verification` kama haijawashwa. Humo ndani tafuta `Backup codes`. Google itakupa namba 10, kila moja ina tarakimu 8, na kila moja inatumika mara moja tu. Namba moja kati ya hizo inachukua nafasi ya meseji: ukiwa huna simu wala laini, unaandika anwani yako, nenosiri, na namba moja ya akiba, unaingia.

Zinakili kwa kalamu kwenye karatasi mbili. Juu yake andika anwani ya Gmail, lakini nenosiri usiliandike karatasi hiyohiyo. Karatasi moja ikae nyumbani pamoja na vyeti vya familia, nyingine kwa ndugu. Usizipige picha kwa simu ukaridhika, kwa sababu picha hiyo itaondoka na simu. Na usiziweke kwenye pochi, kwa kuwa anayechukua simu kwenye daladala ya Kabwe mara nyingi anachukua na pochi.

Hatua ya 3: Laini iwe kwa jina lako

Namba yako ya simu ndiyo wateja wanayoijua, na ndiyo WhatsApp inayoitambua. Ikiibiwa, utaenda duka la mtandao wako upewe laini mpya yenye namba ileile, na watataka namba yako ya NIDA na alama ya kidole. Kama laini ilisajiliwa kwa kidole cha kaka yako ambaye siku hizi yuko Tunduma au Songea, wewe hutaipata mpaka yeye aende dukani mwenyewe.

Piga `*106#` ukiwa na laini hiyo, uangalie usajili wake. Ukikuta si jina lako, nenda dukani na mwenye laini mkaibadilishe wakati bado mnaelewana na hakuna haraka. Ukishamaliza, piga pia `*#06#`, uandike namba ya IMEI nyuma ya ile karatasi ya nyumbani. Polisi wataihitaji.

Hatua ya 4: Majina ya wateja

Majina kwenye simu hukaa sehemu tatu: kwenye laini, kwenye simu yenyewe, au kwenye akaunti ya Google. Ukitazama orodha huoni tofauti, yote yamechanganyika. Tofauti inaonekana siku ya kupotea. Laini mpya inakuja na namba yako, na pesa zako za kwenye simu zinabaki salama, lakini majina hayamo. Kadi ni tupu. Yaliyokuwa kwenye simu yamekwenda na simu. Yanayorudi ni yale ya kwenye akaunti tu.

Tuseme muuza mchele wetu ana majina 640. Tangu zamani za simu ya batani amekuwa akihifadhi kwenye laini, humo kuna 210. Aliponunua simu janja ya kwanza akawa anahifadhi kwenye simu, humo kuna 180. Waliobaki 250 wako kwenye akaunti. Akiibiwa leo anapoteza wateja 390, na wengi wao ni wale wa siku nyingi.

Anafanya hivi. Anafungua programu ya `Contacts` ya Google, anabonyeza `Organize`, kisha `Import from SIM` (kwenye simu nyingine imeandikwa `Manage SIM`). Simu inamwuliza majina yaende wapi, naye anachagua anwani yake ya Gmail, si `Device`. Hapo wale 210 wameingia. Kisha anaenda kwenye `Contacts settings`, anafungua `Google Contacts sync settings`, anawasha `Also sync device contacts`. Wale 180 nao wanapanda. Mwisho, palepale kwenye mipangilio, kwenye `Default account for new contacts`, anachagua anwani yake ya Gmail. Asipofanya hili la mwisho, mteja mpya wa kesho ataanza tena kuingia kwenye laini.

Usiamini tu kwamba imekubali. Washa data, subiri dakika kadhaa, kisha fungua `contacts.google.com` kwenye kivinjari. Pembeni mwa neno `Contacts` pana idadi. Ukiona 640, au pungufu kidogo kwa sababu majina yaliyojirudia yameunganishwa, mambo yamekaa sawa. Ukiona 250, hakuna kilichohama: mara nyingi ni kwa sababu uliingiza majina kwenye `Device` na hukuwasha ile ya pili.

Nikiwa hapa niongeze jambo dogo kuhusu namna ya kuandika majina. Mteja aliyeandikwa "Boss" au "Mteja mpya 3" hata akirudi hakufai sana. Andika jina, mji anaotoka, na anachonunua, mfano "Juma Tandika super Kyela". Siku ukiwa na simu mpya isiyo na meseji hata moja ya zamani, maneno hayo matatu yatakuambia wa kumpigia kwanza.

Ukimaliza, rudi `Organize`, bonyeza `Export to file`. Inatoka faili moja ndogo, `contacts.vcf`. Majina mia sita bila picha hayafiki hata MB moja, kwa hiyo itume kwa WhatsApp kwa mtu wa nyumbani, aitunze. Hiyo ni nakala ya pili, na haili bando.

Hatua ya 5: Picha na daftari

Kwa picha tumia `Google Photos`. Bonyeza picha yako ya pembeni juu, fungua `Backup`, washa. Kwenye ubora chagua `Storage saver`. Picha ya gunia la mchele au risiti itasomeka vizuri tu, na nafasi haitajaa haraka.

Nafasi ya bure ni GB 15, na humo vinagawana vitatu: barua pepe, picha, na nakala ya WhatsApp. Picha moja ya simu ya kawaida ina kama MB 3. Ukipiga 20 kwa siku, ni MB 60 kwa siku, karibu GB 1.8 kwa mwezi, na GB 15 zinakwisha ndani ya miezi 8 hivi ukituma picha zilivyo. Kwa `Storage saver` utakwenda mbali zaidi, lakini zitajaa tu. Zikijaa hakuna kengele kubwa inayolia: unaletewa ujumbe mdogo, unaufuta, na kuanzia siku hiyo hakuna picha mpya inayohifadhiwa. Ndiyo maana kila mwisho wa mwezi unatakiwa ufungue hapo uangalie kama imeandikwa `Backup complete`.

Sasa sikiliza hili vizuri, kwa sababu limewaliza wengi. Ukifuta picha ndani ya `Google Photos` ili simu ipate nafasi, umeifuta na kule mtandaoni pia. Inakaa kwenye `Trash` siku 60, kisha inaondoka kabisa. Ukitaka kupunguza simu huku mtandaoni zibaki, tumia kitufe cha `Free up space`, ambacho huondoa kwenye simu zile tu zilizokwisha kuhifadhiwa.

Folda inayohifadhiwa yenyewe ni ya kamera. Picha ulizopokea kwa WhatsApp hazimo mpaka uwashe folda hiyo kwenye `Back up device folders`. Mimi nashauri usiiwashe kama uko kwenye magrupu mengi ya harusi na vikoba, kwa sababu picha za salamu zitakula nafasi ya biashara. Picha za WhatsApp zitahifadhiwa kwenye hatua inayofuata.

Kuhusu daftari, usihame kwenda kwenye mifumo ya kompyuta kama hujazoea. Daftari la karatasi ni zuri. Weka namba ya ukurasa na tarehe juu ya kila ukurasa, na jioni kabla ya kufunga piga picha ukurasa wa siku hiyo kwenye mwanga wa kutosha. Imetosha: picha inapanda yenyewe.

Ila kuna kitu kimoja cha kuongeza kwenye daftari, nacho ni namba ya muamala. Wengi wanategemea meseji za M-Pesa au Airtel Money kama ushahidi kwamba mteja amelipa. Android huhifadhi meseji ukiwasha `Backup` kwenye `Settings`, lakini nakala hiyo hurudi tu wakati wa kuiandaa simu mpya mwanzoni kabisa, inataka pini ya kufungulia simu ya zamani, na simu isipotumika kwa siku 57 nakala yake inaweza kufutwa. Mtu anayekusanya pesa ya simu nyingine kwa miezi mitatu atakuta hakuna kitu. Ukiandika namba ya muamala mbele ya jina la mteja, huhitaji meseji tena. Mkibishana, mtandao wenyewe utaufuatilia muamala kwa namba hiyo.

Hatua ya 6: WhatsApp

Fungua WhatsApp au WhatsApp Business, nenda `Settings`, `Chats`, `Chat backup`. Chagua akaunti ya Gmail ileile ya hatua ya 1, weka `Daily`, zima `Include videos`. Kama huna waifai nyumbani, ruhusu itumie bando, la sivyo itasubiri waifai isiyokuja. Mara ya kwanza itakuwa nzito, hivyo fanya usiku ukiwa na bando la kutosha. Siku zinazofuata ni nyepesi.

Humo utaona `End-to-end encrypted backup`. Ni kinga nzuri, lakini ukiweka nenosiri na ukalisahau, hakuna mtu atakayeifungua nakala hiyo, hata WhatsApp wenyewe. Ukiiwasha, liandike nenosiri lake nyumbani. Halafu rudi `Settings`, `Account`, uwashe `Two-step verification` yenye pini ya tarakimu 6, na uweke barua pepe yako. Hiyo inamzuia mwizi mwenye laini yako asifungue WhatsApp yako kwenye simu yake na kuanza kuwaomba wateja pesa kwa jina lako.

Hatua ya 7: Nakala moja isiyohitaji mtandao

Nunua flashi ya vichwa viwili, kimoja kinaingia kwenye simu na kingine kwenye kompyuta. GB 32 zinatosha. Mara moja kwa mwezi ichomeke kwenye simu, fungua programu ya `Files`, nakili folda ya `Camera` iliyomo ndani ya `DCIM`, pamoja na ile `contacts.vcf`. Memori kadi iliyomo ndani ya simu si nakala, kwa sababu inaondoka na simu.

Flashi isikae kibandani. Mwanjelwa iliteketea mwaka 2006, SIDO ikaungua mwaka 2017, na waliokuwa na daftari kibandani walipoteza mzigo pamoja na orodha ya wadaiwa kwa moto mmoja. Ikae nyumbani na ile karatasi.

Jaribio

Siku moja jioni, izime simu yako kabisa uiweke kabatini. Chukua simu ya mtu wa nyumbani, fungua kivinjari kwenye dirisha la faragha, `New Incognito tab`, uingie `contacts.google.com`. Andika anwani na nenosiri. Google ikisema imetuma ujumbe kwenye simu yako, bonyeza `Try another way`, chagua kuandika `8-digit backup codes`, utumie namba ya kwanza kwenye karatasi, kisha uikate kwa kalamu.

Ukiyaona majina yako, fungua pia `photos.google.com` utafute ukurasa wa daftari wa jana. Ukiupata bila kuigusa simu yako, kazi imekamilika. Ukikwama popote, umegundua tatizo huku simu ikiwa bado kabatini. Ukimaliza ondoka kwenye akaunti na ufunge dirisha hilo. Jaribio hili lisifanyike kwenye kompyuta ya steshenari.

Siku ikiibiwa

Mpangilio ni muhimu. Kwanza azima simu yenye laini ya mtandao wako, piga 100, wafunge laini yako. Hilo linatangulia yote, kwa kuwa laini ndiyo inayopokea namba za siri. Pili, kwa namba ya akiba ingia kwenye akaunti yako, fungua `android.com/find`, uifunge simu au uifute. Ukishaifuta hutaiona tena ilipo, kwa hiyo kama hujakata tamaa anza kwa kuifunga. Tatu, nenda polisi uandikishe upotevu pamoja na IMEI, kisha duka la mtandao ukachukue laini mpya kwa kidole chako.

Ukipata simu nyingine, hata iliyokwisha kutumika, ingia kwanza kwenye akaunti ya Google, majina yaanze kurudi. Halafu ndipo uweke WhatsApp. Ukishaandika namba yako itakuambia imeona nakala na kukuuliza kama irejeshwe. Bonyeza `Restore`, hata kama bando ni dogo na mteja anasubiri. Ukibonyeza `Skip` utaanza na WhatsApp tupu, na usiku huo nakala mpya iliyo tupu inaweza kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Kama WhatsApp haioni nakala yoyote, usiendelee: karibu kila mara ni kwamba umeingia kwa Gmail nyingine au umeandika namba nyingine. Rudi nyuma, ingiza akaunti sahihi, ujaribu tena.

Wateja wakisharudi, ingia tena `Security`, badilisha nenosiri, iondoe simu iliyoibiwa kwenye orodha ya `Your devices`, na utengeneze namba za akiba mpya. Zile za zamani zinakufa hapohapo, kwa hiyo mpelekee ndugu yako karatasi mpya.